Nimesajiliwa VAT, jirani yangu hajasajiliwa: niandike bei gani?

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nashona na kuuza mapazia hapa Mombasa. Mwaka jana mauzo yangu yalipita shilingi milioni 5 nikasajiliwa VAT. Tangu siku hiyo sijui hata bei ya kumtajia mteja.

Jozi ya mapazia nilikuwa nauza 5,000. Sasa nikiongeza ile asilimia 16 inakuwa 5,800, na mteja akisikia hivyo anavuka barabara kwa jirani yangu, ambaye hajasajiliwa na bado anauza 5,000. Nikisema niache bei pale pale, nimepiga hesabu nikaona natoa 800 kwa serikali nabaki na 4,200. Hiyo si biashara tena.

Halafu kuna hoteli ndogo ya Diani. Meneja wao alinipigia simu akaniuliza jozi kumi ni pesa ngapi, nikamwambia 58,000, akakubali. VAT sikuitaja. Nilipotoa invoisi nikaongeza 9,280, jumla ikawa 67,280. Mhasibu wao amekataa kulipa hata senti. Anasema walikubali 58,000 na invoisi yenyewe haimfai. Mapazia yameshatundikwa.

Kakangu, ambaye ndiye aliyenipa mtaji, ana suluhisho lake: niwe na bei mbili, 5,000 kwa asiyetaka risiti na 5,800 kwa anayetaka. Anasema mji mzima unafanya hivyo. Mume wangu amesema akiona jambo hilo hataki kuhusishwa. Kakangu naye ananiona mkaidi, kwa kuwa pesa zilizo dukani ni zake pia. Nifanye nini?

Mshona Mapazia, Mombasa

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Kakako tutamfikia. Naomba kwanza tuitazame ile 800, kwa sababu naona mengi unayoyaogopa yametoka hapo.

Unapouza kwa 5,000 ikiwa VAT imo ndani, ushuru wako si asilimia 16 ya 5,000. Ni asilimia 16 ya bei iliyokuwepo kabla ushuru haujaingia. Ile 5,000 ichukue kama sehemu 116: sehemu 100 ni zako na 16 ni za serikali. Kwa hiyo unagawanya kwa 116, si kwa 100:

```
VAT iliyo ndani = bei yote × 16 ÷ 116
```

Kwa 5,000 inatoka 689.66, nawe unabaki na 4,310.34. Si 4,200. Tofauti ya shilingi 110 kwa jozi inaonekana ndogo, lakini ikiwa kila mwezi umekuwa ukiandika ushuru kwa njia hiyo kwenye ritani, umekuwa ukiilipa KRA pesa ambazo haikudai. Chukua risiti za mwezi mmoja uzilinganishe na ulichojaza. Ritani iliyokosewa inaweza kurekebishwa kwenye iTax.

Hapo hapo kuna jambo la kuchunguza kwenye eTIMS yako, ule mfumo wa KRA wa kutolea risiti na invoisi. Andika bidhaa ya bei 1,160, kisha kabla hujatuma uangalie hesabu inavyotokea. Ukiona VAT 160, basi mfumo umeichukua bei yako kuwa ina ushuru ndani. Ukiona 185.60, umeongeza ushuru juu ya bei, na mteja atatakiwa alipe 1,345.60. Watu wengi hugombana na wateja bila kujua kwamba chanzo ni hicho: tagi ya dukani inasema hivi, mashine inaongeza tena. Angalia pia herufi iliyo kando ya bidhaa. Mapazia yanakaa B, ambayo ni asilimia 16. A ni za bidhaa zilizosamehewa, C ni zile za asilimia sifuri kama mkate wa kawaida na unga wa mahindi, na D ni zisizo na VAT kabisa. Bidhaa ikisajiliwa D kwa bahati mbaya, risiti itatoka bila ushuru, lakini deni la ushuru litabaki kwako.

Sasa tuje kwa jirani. Umeandika kana kwamba yeye halipi VAT. Huwa nawauliza wafanyabiashara swali hili, na wengi hawajawahi kulifikiria: kitambaa chake anakinunua wapi? Kama anakinunua pale pale unakonunua wewe, kwa muuzaji aliyesajiliwa, basi analipa VAT kila anapotoa pesa. Tofauti ni kwamba wewe unaweza kuirudisha na yeye hawezi.

Tuseme kitambaa cha jozi moja ni 2,320, yaani 2,000 ya kitambaa na 320 ya VAT. Mishahara ya mafundi na kodi ya duka tuiache kando, tuseme mko sawa. Jirani akiuza kwa 5,000 anabaki na 2,680, kwa sababu 2,320 yote imemtoka. Wewe gharama yako halisi ni 2,000, maana ile 320 unaikata kwenye ushuru unaopeleka KRA. Ili nawe ubaki na 2,680, unahitaji bei ya 4,680 kabla ya VAT. Ongeza asilimia 16 na utapata 5,428.80. Sema 5,430.

Soma tena hapo, mwanangu. Ili ulingane na jirani huhitaji kufika 5,800. Pengo lenu kwa mteja wa nyumbani ni shilingi 430. Bado ni pengo, sikatai, na yuko mteja atakayevuka barabara kwa 430. Lakini 430 unaweza kuitafutia dawa: pindo zuri zaidi, kumtundikia, kumrekebishia urefu bure. Unaweza pia kuuza kwa 5,200, ukakubali faida ipungue kidogo kwa mapazia ya kawaida na uifidie kwenye yale mazito yenye bitana, ambayo jirani hashoni.

Hesabu hii ina masharti yake. Ile 320 inarudi tu ikiwa muuzaji wa kitambaa amekupa invoisi ya eTIMS yenye PIN yako, naye akaiingiza kwenye ritani yake. Inarudi ukiidai ndani ya miezi sita tangu kwisha kwa mwezi wa manunuzi. Ukinunua mita kumi kwa mtu wa mkokoteni asiye na risiti, huna cha kurudisha, na pengo linakua. Na kama jirani ndiye anayenunua hivyo hivyo kwa bei ya chini, anakuzidi kwa njia ambayo hesabu yangu haikuigusa. Halafu kadiri kazi ya mikono inavyozidi thamani ya kitambaa, ndivyo VAT inavyokuelemea, kwa sababu mshahara wa fundi hauna VAT ya kurudisha. Chukua daftari, fanya hesabu ya mapazia yako matatu yanayouzika zaidi kwa namba zako halisi. Namba zangu ni za mfano.

Kuhusu kuonyesha bei, dukani andika bei moja kwenye tagi, ikiwa na VAT ndani, na kibao kidogo juu ya kaunta: "Bei zetu zote zina VAT." Mama anayenunua pazia la sebuleni hana haja ya kujua 4,680 wala 748.80. Anataka kujua atatoa ngapi mfukoni. Kinachomuudhi mteja ni kusikia bei moja akishika kitambaa na nyingine akitoa simu ya kulipa. Mchanganuo utakuwa kwenye risiti, anayetaka atausoma. Na kama unatoza pesa za kutundika, nazo zina VAT. Usiziache nje ya risiti ukidhani ni za fundi.

Mteja wa biashara ni mtu mwingine kabisa, na hapa ndipo ninapokuona umeiogopa VAT mahali ambapo ilikuwa inakusaidia. Hoteli iliyosajiliwa ikinunua kwako jozi kwa 4,680 na VAT 748.80, inailipa hiyo 748.80 kisha inaikata kwenye ushuru wake. Pazia limeigharimu 4,680. Ikinunua kwa jirani yako kwa 5,000, haina cha kurudisha: pazia limeigharimu 5,000 kamili. Kwa hoteli hiyo wewe ndiwe wa bei nafuu, huku faida yako na ya jirani ikiwa ile ile, 2,680. Sijui kama umewahi kumwambia hivyo meneja yeyote. Anayetafuta wateja wa hoteli, zahanati na ofisi akiwa amesajiliwa anapaswa kuandika bei zake mbili kwenye kotesheni, ya kabla na ya baada ya VAT, zionekane.

Ndiyo maana nataka kujua mambo mawili kuhusu Diani kabla hujachagua la kufanya. Hoteli hiyo imesajiliwa VAT? Na je, invoisi uliyotoa ilikuwa na PIN yao? Mhasibu amesema invoisi haimfai. Huenda anamaanisha bei tu. Lakini invoisi isiyo na PIN ya mnunuzi haiwezi kumsaidia kudai VAT yake, na mhasibu anayejua kazi yake ataikataa hata bei ikiwa sawa. Mpigie umuulize hilo kwa upole kabla hamjarudi kwenye ugomvi wa pesa.

Kama hoteli imesajiliwa, una la kumwambia: zile 9,280 zitarudi kwao kwenye ritani, kwa hiyo gharama yao inabaki 58,000 waliyoikubali. Ni hoja ya kweli. Udhaifu wake ni kwamba wanapaswa kutoa 67,280 leo na kusubiri, na pia kwamba wewe ulitaja 58,000 bila kusema "kabla ya VAT". Mtu akitajiwa bei kwa simu na mwenye duka, huelewa kwamba ni bei yote. Mkifika mahali pa kubishana nani alisema nini, sioni ukiwa na karatasi ya kukutetea. Na kama hoteli haijasajiliwa, hoja yenyewe inakufa, kwa sababu VAT yote itakuwa gharama yao.

Njia ya pili ni kuikubali 58,000 kuwa ina VAT ndani. Hapo invoisi itasomeka hivi:

```
Mapazia, jozi 10 @ 5,000.00     50,000.00
VAT 16% (B)                      8,000.00
JUMLA YA KULIPA                 58,000.00
```

Kwa kitambaa cha 2,000 kwa jozi, unabaki na 30,000 kabla ya mishahara, badala ya 38,000 uliyoitarajia. Ni maumivu ya 8,000, lakini 3,000 kwa jozi bado inazidi ile 2,680 anayobaki nayo jirani. Nimeiweka hapo ili uione, si kwamba nakusukuma huko.

Njia ya tatu ni kukutana katikati, kwa mfano 54,000 na VAT 8,640, jumla 62,640. Meneja aliyeyapenda mapazia anaweza kukubali, hasa kama bado kuna vyumba havijavalishwa. Wewe ndiwe uliyeongea naye. Sauti yake ilikuwa ya mtu wa kurudi tena, au wa kumaliza shauri?

Vyovyote mtakavyokubaliana, ile invoisi ya 67,280 haifutwi kwa kuichana. Imeshafika KRA, na VAT ya 9,280 iliyoandikwa humo inahesabika ni deni lako hata kama hoteli haijalipa shilingi. Unaiondoa kwa kredit noti inayotaja namba ya invoisi ya kwanza, kisha unatoa invoisi mpya yenye bei sahihi na PIN yao. Usitoe invoisi ya pili bila kredit noti, utaonekana umeuza jozi ishirini. Na usingoje sana: ritani ya mwezi inatakiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, iwe hoteli imelipa au haijalipa. Hapo ndipo washonaji wengi wanapobanwa, kwa sababu hoteli hulipa baada ya miezi miwili lakini KRA haingoji. Kuomba arubuni husaidia, ila ujue nayo ukiipokea ushuru wake unaanza kuhesabiwa siku hiyo. Arubuni ya 29,000 ina VAT ya 4,000 ndani, usiimalize yote kwenye kitambaa.

Jambo dogo lisikushtue: hoteli ikiwa imeteuliwa na KRA kuzuia VAT, itakata asilimia 2 ya ile 50,000, yaani 1,000, na kukutumia 57,000. Hiyo 1,000 haijapotea. Inapelekwa KRA kwa jina lako, unapewa cheti, unaihesabu kwenye ritani.

Sasa kakako. Simuoni kama mtu mbaya. Ameweka pesa zake, anaona wateja wakivuka barabara, na ni kweli bei mbili utazisikia madukani. Lakini nina maswali ambayo ungeweza kumuuliza mkiwa mmekaa, bila mumeo kuingizwa katikati.

La kwanza, kitambaa tutakifanyaje? Kila unaponunua kwa PIN yako, KRA inaona mita ngapi zimeingia dukani kwako. Ukidai VAT ya kitambaa cha jozi arobaini, halafu risiti za mauzo zikaonyesha jozi kumi na tano, hakuna haja ya mpelelezi. Ili bei ya bila risiti isionekane, itabidi ununue kitambaa nacho bila risiti, na hapo unapoteza ile 320 kwa kila jozi. Nyingine ni pesa za simu. Wateja wako wa 5,000 watalipa kwa namba ya till, na rekodi zake haziandikwi na kakako. Na ya mwisho: je, katika ile 800 anayotaka kuiokoa, ni ngapi hasa ingekwenda KRA? Kwa bei ya 5,430, VAT ni 748.97. Ukitoa 320 ya kitambaa, unapeleka takriban 429. Anakuomba ubebe hatari ya duka zima, ambalo limesajiliwa kwa jina lako wala si lake, kwa shilingi 429 za jozi. Labda akiziona namba hizo atasema bado inafaa. Labda hatasema. Sidhani amewahi kuonyeshwa.

Ipo njia nyingine ambayo wote wawili hamkuitaja. Mauzo yako yakishuka chini ya milioni 5 kwa mwaka, unaweza kuomba KRA ikuondoe kwenye VAT. Duka linaloishi kwa mama wa nyumbani peke yao huenda likapumua. Lakini ukitoka, VAT ya kitambaa hairudi tena, na kwa hoteli iliyosajiliwa unageuka kuwa sawa na jirani. Nisingependa uamue hilo kwa hasira ya mwezi mmoja mbaya. Gawa mauzo yako ya mwaka: ngapi zimetoka kwa watu wa nyumbani, ngapi kwa biashara zenye PIN. Ukikuta hoteli na ofisi ni nusu au zaidi, mazungumzo yenu na kakako yatakuwa tofauti kabisa na ukikuta ni mteja mmoja wa Diani.

Kwa mhasibu, kama ningekuwa mimi ningemtumia ujumbe leo wenye maneno machache: "Naomba PIN ya hoteli na unijulishe kama mmesajiliwa VAT, nitoe kredit noti na invoisi mpya mara tukikubaliana bei." Bei usiitaje kwenye ujumbe huo. Iongee na meneja, ndiye uliyepatana naye.